Vyumba vitatu Lubumbashi, bei tatu: kipi kweli ni rahisi kwa mwanafunzi wa Kasapa?

YayaMado_Likasi
Habari zenu bandugu. Mdogo wangu anaanza chuo kikuu cha UNILU, kampus ya Kasapa. Mama yuko Likasi na miye ndiye natafuta chumba. Tumebaki na vyumba vitatu na nimeshachoka kuviangalia kichwani, kwa hiyo naviweka hapa.

Cha kwanza kiko Gambela. Dola 60 kwa mwezi, garanti ya miezi sita ya kumwachia bayere, mwenye nyumba, na komisyonere, dalali wa chumba, anataka mwezi mmoja wake. Kwa miguu unafika kampus kwa robo saa hivi. Maji ni ya foraji, kisima cha pampu cha pasele, yaani kiwanja kizima. Umeme bayere anasema "tunagawana kwa mlango."

Cha pili Kalubwe. Dola 45, garanti miezi mitatu, komisyonere naye mwezi mmoja. Kila mlango una konteri yake ndogo ya umeme. Maji hamna ndani, mnanunua bidoni kwa jirani. Basi moja mpaka kampus.

Cha tatu kiko komini ya Kenya, humuhumu Lubumbashi, kwa mtu anayefahamiana na mjomba, kwa hiyo hakuna komisyonere. Dola 30, garanti miezi mitatu, umeme na maji viko ndani ya bei. Ila ni basi mpaka sentre, halafu basi nyingine ya Kasapa.

Mama ana dola 300 za kuanzia, zaidi ya hapo ni kukopa. Miye naona cha Kenya kimeshinda wazi, mama anataka Gambela kwa sababu mtoto hatatembea usiku. Mnasemaje?

Mwana_Katuba
Yaya, miye nilikala Kenya mwaka ya kwanza. Loye ilikuwa kidogo, njo kweli, lakini falanga yote ilikwisha ku transpo. Saa ya mangaribi basi za kutoka Kasapa zinajaa, unasimama paka giza inaingia. Usimutume mutoto kule juu ya bei tu.

Ndugu_Polepole
Mbona mnahangaika na mabayere wakati kampus ina homu zake? Aombe chumba cha homu, ni bei ndogo sana kuliko hivyo vyote, na yuko mlangoni mwa auditwari.

Mwana_Katuba
@Ndugu_Polepole homu gani? Chumba cha batu wawili kinalala batu sita. Wanaoandikwa ni wawili, wengine bote ni makizari. Na mwanafunzi mupya bila mutu wa kumuingiza, atapata wapi kitanda?

Ndugu_Polepole
Miye mwenyewe nilikuwa makizari miaka yote na nilipata diploma yangu. Basi.

YayaMado_Likasi
Asante, lakini swali langu ni hivi vyumba vitatu. Homu tumeshauliza.

Hesabu_za_Kasapa
Yaya Mado, karibu. Nimepangisha na kupanga katika mitaa hiyo muda mrefu, sasa nasaidia wanafunzi wa fakulti yetu kila mwanzo wa mwaka. Tatizo la orodha yako ni kwamba bei tatu ulizoandika hazisemi kitu kimoja. 30 ya Kenya ina umeme ndani. 60 ya Gambela haina umeme lakini ina transpo ndani, kwa sababu anatembea. 45 ya Kalubwe haina hiki wala kile. Huwezi kuziweka kwenye mstari mmoja mpaka uzifanye zote ziwe gharama ya mwezi mzima wa masomo.

Nipe mambo manne nikupigie hesabu. Fakture ya umeme ya Gambela ni kiasi gani na milango ni mingapi? Mpangaji aliyetoka Kalubwe alikuwa akilipa umeme kiasi gani, na bidoni ni bei gani? Nauli ya basi unayolipa wewe ukienda kuangalia ni ngapi? Na la nne watu hulisahau: miezi ya likizo mtoto akirudi Likasi, kila bayere anataka alipwe vipi?

YayaMado_Likasi
Nimepiga simu zote asubuhi hii.

Gambela: fakture ya mwisho ilikuwa franka 240,000, milango saba ya wapangaji na bayere anajihesabu kama mlango wa nane. Likizo analipwa kamili.
Kalubwe: aliyetoka anasema alikuwa analipa umeme kama 10,000 kwa mwezi. Bidoni ya lita 20 ni 200. Likizo analipwa nusu, mradi vitu vibaki chumbani.
Kenya: likizo kamili.
Basi nalipa 1,000 kila ninapopanda.

Hesabu_za_Kasapa
Sawa. Nachukua dola moja kwa franka 2,500 ili hesabu iwe nyepesi, wewe utarekebisha kwa kiwango cha siku. Siku za masomo kwa mwezi nachukua 22.

Gambela: 240,000 kugawa kwa 8 ni 30,000, yaani dola 12. Ukiongeza 60 unapata 72. Transpo sifuri.

Kalubwe: umeme 10,000, dola 4. Maji, tuseme bidoni mbili kwa siku, ni 12,000 kwa mwezi, karibu dola 5. Basi kwenda na kurudi ni 2,000 kwa siku, mara 22 ni 44,000, karibu dola 18. Jumlisha na 45, unafika 72 vilevile.

Kenya: kila siku anapanda mara nne, 4,000. Mara 22 ni 88,000, dola 35. Jumlisha na 30 ni 65.

Unaona? Tofauti ya bei mlangoni ilikuwa dola 30 kati ya Gambela na Kenya. Tofauti ya kweli ni dola 7 kwa mwezi, na kwa hizo dola 7 mtoto anakaa barabarani saa nyingi kila siku. Gambela na Kalubwe zimelingana kabisa.

Sasa mwaka mzima ndio unazitenganisha. Miezi kumi ya masomo, miwili ya likizo. Gambela ni 720, na 120 za likizo, na 60 za komisyonere: 900. Kalubwe ni 720, na 45 za likizo, na 45 za komisyonere: 810. Kenya ni 650 na 60 za likizo: 710. Garanti sikuiweka humo, kwa sababu garanti inatakiwa kurudi. Tutaizungumzia peke yake.

Mama_wa_Pasele
Mwanangu, umepiga hesabu vizuri lakini umesahau kitu. Mtoto wa Kenya akikosa basi anachukua taksi au pikipiki. Na akiwa na mtihani asubuhi hawezi kungojea basi mbili. Ongeza hapo.

Hesabu_za_Kasapa
Kweli mama. Ndiyo maana sikumwambia achague ya Kenya kwa sababu ya 710. Namba hiyo ni ya mwezi ambao kila kitu kimekwenda sawa.

Likofi
Jamani 30,000 kwa mwezi umeme wa chumba kimoja cha mwanafunzi?? Anachaji simu na taa moja! Hiyo ni wizi.

Fundi_Waya
Si lazima iwe wizi, lakini hiyo fakture inasema kitu. Ngoja nieleze kama mtu anayefanya kazi hiyo.

Mwanafunzi mwenye taa mbili za LED za wati 9, kompyuta ndogo na simu anatumia chini ya nusu kilowati-saa kwa siku. Kwa mwezi ni kama 10, tuseme 12. Resho ya umeme ya kupikia ni wati 1,500. Ukipika kwa saa mbili kwa siku umetumia kilowati-saa 3. Kwa mwezi ni 90. Kwa hiyo mlango mmoja wenye resho unakula umeme wa milango minane hivi isiyo na resho. Mkigawana "kwa mlango", wale wa taa wanawapikia bukari wale wa resho.

Uliza pia bayere ana nini nyumbani kwake. Kama ana frigo mbili anauza vinywaji baridi, naye anajihesabu mlango mmoja tu, hapo ndipo 240,000 inapotoka.

YayaMado_Likasi
Ana frigo kubwa barazani. Anauza bia ya Simba na maji baridi. Niliiona na sikuwaza.

Likofi
Sindiyo nilisema! Basi dawa ni rahisi, mtoto naye anunue resho. Analipa 30,000 ileile, na makala ya kupikia hanunui tena. Amepata faida.

Fundi_Waya
Hiyo ni kweli kwa mwezi wa kwanza. Halafu kila mlango unafikiri hivyohivyo na fakture inapanda. Lakini hofu yangu zaidi ni waya. Resho nane za wati 1,500 zikiwashwa pamoja jioni ni wati 12,000. Kwa volti 220 hiyo ni zaidi ya ampea 50. Pasele nyingi za aneksi zimevutiwa waya mmoja wa milimita 2.5 kutoka nyumba kubwa mpaka nyuma, na waya huo ukipita ampea 20 hivi unaanza kupata moto.

Ukienda kuangalia chumba, nenda jioni saa wanapopika, na umeme uwepo. Tazama taa: jirani akiwasha resho, taa ikififia, waya ni mwembamba au maungio ni mabaya. Gusa prizi iliyotumika sasa hivi. Ikiwa na joto, au plastiki yake imegeuka rangi ya chai, usilale hapo bila fundi kuipitia. Na angalia kama fyuzi kwenye boksi wameifunga kwa waya wa shaba. Hilo utaliona mara nyingi kuliko unavyofikiri, na maana yake ni kwamba waya ukizidiwa hakuna kitu cha kuukata.

Prof_wa_Mtaa
Naomba niongeze. Konteri ndogo kila mlango ndiyo haki. Kalubwe kwa hiyo hakuna ugomvi wowote, kila mtu analipa alichotumia.

Fundi_Waya
Karibu na ukweli, ndugu, lakini si wote. Kwanza konteri ndogo ni ya bayere, si ya SNEL, kampuni ya umeme. SNEL wanaleta fakture moja ya pasele. Kama konteri kubwa ya pasele haipo au haisomwi, SNEL wanaandika forfe, kiasi wanachokadiria wao. Basi hata mkizima kila kitu mwezi mzima, fakture ni ileile, na konteri zenu ndogo zinagawa tu kiasi ambacho hakihusiani na mlichotumia.

Namna ya kujua: omba kuona fakture za miezi mitatu iliyofuatana. Kilowati-saa zikiwa namba ileile mara tatu, hakuna anayesoma konteri. Zikipanda na kushuka, inasomwa.

Pili, jumla ya konteri ndogo haifiki jumla ya kubwa. Kuna taa ya uwanja, kuna pampu ya foraji, kuna kinachopotea kwenye waya. Nani analipa hicho? Ulizeni kabla.

Prof_wa_Mtaa
Hilo la forfe sikulifikiria. Lakini bado napenda konteri ndogo kuliko kugawana kwa mlango.

Fundi_Waya
Hata miye.

Mwana_wa_Birere
Huku kwetu Goma hayo yamekwisha, tuna kashpawa. Unanunua yuniti kwa simu, zikiisha giza. Virunga na Socodee, kampuni zetu za umeme, wote ni kulipa mbele. Ugomvi uliobaki ni nani amenunua mara ya mwisho, kwa sababu pasele nzima ina kashpawa moja. Jirani yangu akiona yuniti zimebaki kidogo anakwenda kulala kwa rafiki yake mpaka sisi tununue. Kwa maji ndiyo tunalia. Lubumbashi nyinyi mna foraji, mshukuru.

Mama_wa_Pasele
Foraji nayo inataka umeme, mwanangu. SNEL wakikata, pampu inalala. Yaya Mado, kule Gambela uliza kama kuna tanki juu na ni la lita ngapi. Familia nane na tanki la lita 1,000, siku moja bila umeme limekwisha. Na wakati wa delestaji mtoto ataenda kununua bidoni kama wale wa Kalubwe, na umeme wa pampu amelipa ndani ya zile 30,000.

Hesabu_za_Kasapa
Mama amesema jambo kubwa. Na wewe unatafuta chumba Oktoba, mwisho wa kiangazi. Kwa maji huo ni wakati mzuri wa kupima: visima vimeshuka sana, kwa hiyo foraji au kisima chenye maji ya kutosha leo kwa kawaida hakikauki mwaka mzima. Kinachojificha Oktoba ni mvua. Paa linalovuja halivuji sasa. Tazama dari na kona za juu za ukuta, doa la kahawia lenye ukingo kama ramani ni la mvua iliyopita. Rangi mpya kwenye kona moja tu, iulizie. Na njia ya vumbi unayoipita leo kwa dakika 15, Januari ni matope, unazunguka.

Mwana_Katuba
Na kama kuna kisima cha kuchota, angalia toalete iko wapi. Mahali nilikala kisima na shimo ya choo bilitengana hatua chache tu, na choo njo ilikuwa upande wa juu. Mvua ikinyesha maji inabadilika rangi. Tulikuwa tunaogea tu, ya kunywa tunanunua.

YayaMado_Likasi
Asanteni sana. Tufike kwenye garanti maana ndiyo inayotuua. Gambela anataka sita. 360 za garanti, 60 za mwezi wa kwanza, 60 za komisyonere. Ni 480. Hatuna.

Likofi
Sheria ya Kongo inasema garanti ni mwezi mmoja tu kwa wanafunzi. Mwambie utamshitaki, atashuka mwenyewe.

Hesabu_za_Kasapa
Hapana, Likofi. Kuna sheria, na kikomo kipo, lakini ni miezi mitatu, na ni kwa nyumba yoyote ya kukaa, si ya wanafunzi peke yao. Ni sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015. Kwa hiyo sita za Gambela zimepita kikomo. Ukitaka pa kuuliza, ni serivisi ya abita, ya mambo ya nyumba, kwenye komini.

Ila usianze na kushitaki. Bayere ana watu watano wanaongoja chumba hicho. Nenda na mama mwenyewe, mwambie: tunalipa miezi mitatu kama sheria inavyosema, na mzazi anasaini. Kwa miezi mitatu hesabu inakuwa 180 na 60 na 60: dola 300 kamili. Kalubwe ni 135 na 45 na 45: 225. Kenya 120.

Mama_wa_Pasele
Niseme kwa upande wetu sisi wenye pasele, maana mnatuona kama wezi. Kwa nini tunaomba sita? Kwa sababu mwanafunzi anakaa, mwezi wa nne halipi, wa tano halipi, wa sita anasema "mama nakula garanti." Anakula yote mitatu, halafu anaondoka usiku. Wiki mbili baadaye fakture ya umeme ya miezi hiyo inafika, kitasa kimevunjika, ukuta umeandikwa fomula za kemia. Nalipa na nini? Garanti ilishaliwa.

Miye nikimkuta mzazi ana kwa ana, na najua nyumba yao ilipo Likasi, miezi mitatu inatosha. Komisyonere akiniletea mtoto peke yake ndipo naomba zaidi.

Prof_wa_Mtaa
Lakini mama, kula garanti ndiyo njia pekee mpangaji anahakikisha anaipata! Nyinyi mkishaipokea mnaitumia siku ileile kununua simenti.

Mama_wa_Pasele
Ninyi mnasema hivyo. Miye wangu narudisha. Lakini narudisha baada ya fakture ya mwisho kufika, si siku ya kutoa godoro.

Hesabu_za_Kasapa
Hapa wote wawili wana haki nusu. Kula garanti kunakubalika kama mmeandikiana, na kwa miezi ya mwisho tu, na fakture zimelipwa. Bila maandishi ni ugomvi.

Yaya Mado, unapolinganisha vyumba, garanti usiihesabu kama gharama, lakini usiihesabu kama pesa iliyo salama pia. Jiulize: ikipotea nusu, bado chumba hiki ni rahisi? Nusu ya 360 ni 180, hiyo ni zaidi ya tofauti yote ya mwaka kati ya Gambela na Kalubwe. Nusu ya 135 hailingani na hiyo.

Ili irudi, siku ya kuingia pita chumbani na bayere mwenyewe. Andikeni kioo kilichopasuka, kitasa, prizi ngapi zinafanya kazi, rangi ikoje, namba iliyo kwenye konteri ndogo siku hiyo. Saini mbili, kila mtu na karatasi yake, na picha za simu. Kwenye desharji, karatasi ya kupokelea garanti, iandikwe kiasi kwa dola, na kwamba kinarudi kwa dola au kwa kiwango cha siku ya kurudisha. Nimeona mtu alitoa dola, akarudishiwa franka kwa kiwango alichokipanga bayere kichwani mwake.

Na kabla ya kusaini, angalia kwenye fakture ya SNEL sehemu ya ariere. Kama pasele ina deni la zamani, liandikwe ni la waliotangulia. La sivyo mwezi wa kwanza mtagawanyiwa nyote, na wakija kukata hawaulizi nani ni mupya.

Mwana_Katuba
Njo ilinipata. Miye nililipa deni ya batu sijawahi kubaona sura.

Dada_wa_Panzi
Huku Bukavu sisi shida ni kilima. Tangazo linasema "dakika kumi kutoka kampus," ni kweli ukishuka. Kurudi ni nusu saa na unahema. Nyinyi Lubumbashi ni tambarare lakini bado pimeni wenyewe, saa moja asubuhi siku ya kazi, si Jumapili na komisyonere kwenye pikipiki.

Swali: mdogo wako anasoma nini? Maana si kila fakulti inakaa kampus miaka yote.

YayaMado_Likasi
Udaktari. Mwaka wa kwanza.

Hesabu_za_Kasapa
Dada wa Panzi ameuliza swali ambalo ningeanza nalo. Wa udaktari wakifika miaka ya staji wanazunguka hospitali, na Sendwe ni mojawapo. Chumba cha Gambela cha leo kinaweza kuwa mbali naye baadaye, na kile cha Kenya kikawa karibu. Kwa hiyo msifunge mkataba mrefu kwa sababu ya kampus. Mwaka mmoja unatosha, halafu mtahama.

YayaMado_Likasi
Nimerudi. Jana tulikwenda Gambela na mama, jioni kama Fundi Waya alivyosema. Taa ilikuwa inafifia kila mara mlango wa tatu wakiwasha resho. Prizi ya ukutani ina rangi ya chai kweli. Tanki lipo, bayere hajui ni la lita ngapi. Tulimwomba fakture tatu, akatoa moja. Garanti akashuka mpaka minne, tatu akakataa. Frigo tulipoitaja akacheka, akasema "hiyo ni ya mke wangu."

Kalubwe fakture tatu zote tulionyeshwa na kilowati-saa zinabadilika. Hakuna ariere. Lakini konteri ya mlango wetu inazunguka hata tukizima kila kitu. Tulizima taa, tukachomoa yote, bado inakwenda polepole. Fundi, hiyo ni nini?

Fundi_Waya
Ama kuna mtu amevuta waya baada ya konteri yenu, ama kuna mahali umeme unavuja ukutani, ama konteri yenyewe imechoka. Zima fyuzi ya chumba, ile iliyo baada ya konteri. Ikisimama, tatizo liko chumbani kwenu au kwa aliyejiunga na waya wenu, fuata waya mpaka mwisho wake. Ikiendelea kuzunguka na fyuzi imezimwa, tatizo liko kabla ya fyuzi hiyo: konteri mbovu, au mtu amejiunga kati ya konteri na fyuzi. Mwite bayere aone kwa macho yake kabla ya kulipa senti. Usikubali "tutaangalia baadaye."

Mama_wa_Pasele
Na kama ni taa ya uwanja imeunganishwa kwenye konteri yenu, msigombane. Ombeni apunguze kitu kwenye loye. Ndivyo nilivyofanya kwangu na mpangaji wa mlango wa mbele, na hajalalamika.

Likofi
Au mwachie taa iwake, usiku ni salama zaidi. Miye ningelipa tu.

Fundi_Waya
Taa ya wati 9 ningelipa hata miye. Lakini ujue kwanza kama ni taa, isije ikawa frigo ya mke wa mtu.

YayaMado_Likasi
😂 Narudi Kalubwe Jumamosi na bayere atakuwepo. Mama amekubali transpo ya 18, ila anataka kujua basi la mwisho kutoka Kasapa ni saa ngapi, wa jioni wana labo. Kuna anayesoma kule sasa?

Mwana_Katuba
Saa ya mwisho haina, yaya. Zinapungua tu. Kisha saa kumi na mbili na nusu ni bahati. Bale ba labo banatoka kikundi, batu bane bakalipa taksi moja.

Ndugu_Polepole
Yaya Mado, kile cha Gambela mkikiacha, unaweza kunitumia namba ya bayere? Nina mpwa anayetafuta, na yeye resho anayo tayari.